Tovuti ya msambazaji yanakiliwa, mfanyabiashara wa Arusha anusurika kupoteza akiba yake

ARUSHA – Mfanyabiashara kijana wa vifungashio jijini Arusha alinusurika kupoteza takribani shilingi milioni 4.7 za Kitanzania Septemba 2025, baada ya kuagiza mzigo kupitia tovuti iliyofanana kwa kila kitu na ile ya msambazaji wake wa Nairobi. Fedha hizo zilikuwa akiba yake ya miaka mitatu pamoja na mkopo wa shilingi milioni 1.5 aliouchukua kwenye kikoba. Kilichomwokoa ni simu ya msafirishaji wake, iliyopigwa jioni moja kabla benki haijazituma.

Mfanyabiashara huyo mwenye umri wa miaka 26, ambaye aliomba jina lake lisitajwe, huuza chupa na mifuko ya kufungashia kwa wasindikaji wadogo wa asali, siagi ya karanga na unga wa lishe. Chupa zake nyingi hutoka kiwandani Nairobi na kuingia nchini kupitia Namanga. Alikuwa ameshanunua kwa msambazaji huyo mara nne bila tatizo lolote. Kwa hiyo hakudanganywa na mtu asiyemjua. Alidanganywa kwa jina la mtu aliyemwamini, na hapo ndipo penye fundisho kwa wafanyabiashara wengine wa mpakani.

Tukio hili linaonyesha mambo mawili. La kwanza ni kwamba karibu kila kitu kinachoonekana kwenye ukurasa wa tovuti kinaweza kunakiliwa kwa muda mfupi na kwa gharama ndogo. La pili ni kwamba yapo mambo machache ambayo mtapeli hawezi kuyanakili, na ndiyo mfanyabiashara anayopaswa kuyatazama kabla ya kutoa fedha.

Mambo yalivyoanza

Mfanyabiashara huyo alikuwa amebadilisha simu mapema mwezi huo, na namba nyingi pamoja na mazungumzo yake ya WhatsApp vilipotea. Alipotaka kuagiza mzigo wa msimu, aliandika jina la msambazaji kwenye mtandao na kufungua jibu la kwanza lililotokea juu. Jibu hilo lilikuwa tangazo la kulipiwa, na juu yake kulikuwa na neno dogo "Sponsored", ambalo hakulitilia maanani.

Ukurasa uliofunguka ulikuwa ule ule anaoufahamu. Nembo ilikuwa ile ile, picha za chupa zile zile, hata picha ya ghala na maelezo ya historia ya kampuni hayakubadilika. Kilichoongezeka ni tangazo la ofa: chupa ya plastiki ya asali ya gramu 500 pamoja na kifuniko chake, ambayo kwa kawaida huinunua kwa shilingi 20 za Kenya, ilikuwa ikiuzwa kwa shilingi 17. Ofa hiyo ilikuwa kwa wateja wa nje ya Kenya watakaolipa fedha yote kabla ya kupakia.

Aliagiza chupa 15,000. Kwa bei ya zamani mzigo huo ungegharimu shilingi 300,000 za Kenya, na kwa bei ya ofa ulikuwa shilingi 255,000. Akabonyeza alama ya WhatsApp iliyokuwa kwenye ukurasa, akajibiwa na mtu aliyejitambulisha kuwa wa idara ya mauzo. Mtu huyo alimwita "madam", alizitaja bidhaa kwa majina yake, na katika muda usiozidi saa moja alimtumia profoma yenye nembo ya kampuni.

Kisha akaombwa shilingi 10,000 za Kenya kwa njia ya simu "ili bei isibadilike". Alipotaka kutuma, jina lililotokea kwenye simu lilikuwa la mtu binafsi na si la kampuni. Aliuliza, akajibiwa kwamba huyo ni mhasibu. Akatuma.

Salio la shilingi 245,000 alitakiwa kulilipa benki, lakini si kwenye akaunti aliyoizoea. Maelezo yalikuwa kwamba akaunti ya kampuni iko kwenye ukaguzi wa hesabu wa mwaka, hivyo malipo ya wateja wa nje yanapokelewa kwa muda kupitia wakala. Jioni hiyo hiyo alitumiwa pia picha ya cheti cha uasili wa bidhaa, ambacho huiwezesha bidhaa iliyotengenezwa ndani ya Jumuiya ya Afrika Mashariki kuingia bila ushuru wa forodha.

Siku ya Alhamisi, karibu saa 10 alasiri, alijaza fomu ya benki na kuambatanisha profoma. Afisa wa benki alimweleza kuwa muda wa kutuma fedha nje kwa siku hiyo umekwisha, na kwamba malipo yataondoka asubuhi ya Ijumaa.

Simu ya msafirishaji

Mzigo wa mfanyabiashara huyo hubebwa na mzee mmoja mwenye Fuso, anayekusanya mizigo ya watu kadhaa Nairobi na kuishusha Arusha. Kwa kuwa chupa tupu hazina uzito lakini hujaza nafasi kubwa, mzee huyo hupenda kujua mapema siku ya kupakia ili apange mizigo mingine. Alipoambiwa kuna chupa 15,000, yaani mifuko 150 ya chupa 100 kila mmoja, alifanya anachofanya siku zote. Alimpigia simu mtunza ghala kwa namba aliyokuwa nayo kwa miaka.

Saa 12 jioni alimpigia mfanyabiashara huyo. "Binti yangu, nimewauliza pale ghalani nipakie lini chupa zako. Wanasema hawana oda yako tangu ile ya Juni."

"Mzee, oda nimewapa juzi, na profoma ninayo mkononi," akajibu.

"Basi nisomee namba yake nami niwasomee wao."

Baada ya dakika chache mzee alipiga tena. Mtunza ghala aliangalia kitabu chake na kusema namba hiyo haipo, na kwamba profoma zao huanza kwa herufi nyingine kabisa. Alipotajiwa jina la akaunti ya kulipia, alisema hajawahi kulisikia, na kwamba kampuni haina ofa yoyote wala haijabadilisha benki.

Asubuhi ya Ijumaa mfanyabiashara huyo alikuwa mlangoni mwa benki kabla haijafunguliwa. Malipo yalikuwa bado kwenye foleni, hivyo aliandika barua ya kuyafuta na fedha zikabaki kwenye akaunti yake. Shilingi 10,000 alizotuma kwa simu hazikurudi. Alipotoa taarifa, zilikuwa zimeshatolewa na namba hiyo haikupatikana tena.

Tovuti hunakiliwaje?

Wengi hudhani kuwa kutengeneza tovuti inayofanana na ya kampuni ni kazi ya fundi mkubwa. Sivyo. Ukurasa wowote unaofunguka kwenye kompyuta ya msomaji umeshashushwa kwenye kompyuta hiyo, maandishi na picha zake zote. Zipo programu za bure zinazopita ukurasa mmoja baada ya mwingine na kuhifadhi tovuti nzima. Mtapeli akishaipata nakala hiyo, hubadilisha vitu vichache tu: namba ya simu, barua pepe, alama ya WhatsApp na maelezo ya malipo. Vingine huviacha vilivyo, kwa kuwa ndivyo vinavyomfanya mteja aamini.

Katika tukio hili, mtapeli aliiacha hata namba halisi ya simu ya mezani, iliyokuwa imeandikwa ndani ya picha ya bango la kampuni. Lakini alama ya WhatsApp, ambayo ndiyo wateja wengi huibonyeza, ilielekea kwake.

Alama ya kufuli au maandishi https:// mwanzoni mwa anuani pia hayamtambulishi mtu mwaminifu. Maana yake ni kwamba mawasiliano kati ya simu ya mteja na tovuti hiyo yamefungwa, ili mtu wa tatu asiyasome njiani. Hayaelezi mwenye tovuti ni nani. Vyeti vya kufuli hilo hutolewa bure na kwa mashine kwa yeyote anayemiliki anuani, hata kama aliinunua jana. Kwa sababu watu wengi walikuwa wakiielewa vibaya alama hiyo, kivinjari cha Chrome kiliiondoa mwaka 2023 na kuweka alama nyingine badala yake.

Anuani husomwa kutoka kulia

Kitu cha kwanza ambacho mtapeli hawezi kukinakili ni anuani ya tovuti. Anuani moja haiwezi kuwa ya watu wawili kwa wakati mmoja, hivyo hulazimika kununua nyingine inayofanana nayo.

Tuseme tovuti halali ya msambazaji ni mfanochupa.co.ke. Jina hili ni la mfano tu, lakini mpangilio wake unafuata ule wa tukio lenyewe. Tovuti aliyoifungua mfanyabiashara huyo iliandikwa hivi:

```
mfanochupa-ke.com
```

Kwa mtu mwenye haraka, jina la kampuni lipo na herufi za Kenya zipo. Lakini hiyo ni anuani nyingine kabisa, kama vile kiwanja namba 12 na kiwanja namba 12B vinavyoweza kuwa na wenyewe wawili tofauti. Zipo njia nyingine mbili zinazotumika sana:

```
rnfanochupa.co.ke
mfanochupa.co.ke.oda-malipo.com
```

Katika ya kwanza, herufi "m" imebadilishwa kwa herufi mbili, "r" na "n", ambazo kwenye kioo kidogo cha simu huonekana kama "m". Katika ya pili, anuani halali imeandikwa yote mwanzoni, lakini haina kazi yoyote. Mwenye tovuti hiyo ni oda-malipo.com.

Kanuni ya kukumbuka ni fupi. Tafuta mkwaju wa kwanza baada ya jina, yaani alama ya "/", kisha soma kurudi nyuma kutoka kulia kwenda kushoto. Kama hakuna mkwaju, anza mwisho wa anuani. Maneno yaliyo mwisho kabisa upande wa kulia ndiyo yanayoonyesha mwenyewe, na yaliyo kushoto zaidi ni mapambo ambayo mwenye tovuti anaweza kuyaandika apendavyo.

Ni vyema pia kufahamu kuwa herufi .co.ke peke yake si ushahidi. Anuani za .ke husimamiwa na taasisi ya KeNIC, na zile za .go.ke hutolewa kwa ofisi za serikali tu, lakini .co.ke inaweza kununuliwa na mtu yeyote. Usalama uko katika kuwa na anuani ile ile, herufi kwa herufi, iliyoandikwa kwenye risiti za zamani.

Umri wa tovuti

Jambo la pili lisiloweza kunakiliwa ni tarehe. Kila anuani ya tovuti husajiliwa siku fulani, na tarehe hiyo huwekwa kwenye daftari ambalo mtu yeyote anaweza kulisoma bila malipo. Kwa anuani zinazoishia na .com, mfanyabiashara hufungua lookup.icann.org, huandika anuani na kutazama mstari wa "Created". Kwa anuani za Kenya daftari liko KeNIC, na mstari wa kutazama ni "Creation Date". Jina la mwenye tovuti mara nyingi hufichwa, lakini tarehe hubaki wazi.

Tovuti aliyoitumia mfanyabiashara wa Arusha ilikuwa imesajiliwa siku 16 tu kabla ya oda yake. Msambazaji mwenyewe amekuwa akitumia anuani yake kwa miaka tisa. Kampuni inayosema ina ghala na historia ndefu, lakini tovuti yake haijamaliza mwezi, inahitaji kuulizwa maswali kabla ya kulipwa hata senti moja.

Njia hii nayo ina mipaka. Tarehe mpya ni dalili mbaya, lakini tarehe ya zamani si hati ya uaminifu. Wapo matapeli wanaonunua anuani za zamani zilizoachwa na wenyewe. Wapo pia wanaoingia kwenye barua pepe ya msambazaji halali na kutuma profoma yenye akaunti tofauti kutoka anuani ya kweli. Hapo tovuti haina kasoro yoyote, na kinga pekee inabaki kwenye akaunti ya malipo.

Jina la anayepokea fedha

Mtapeli anaweza kuchukua nembo ya kampuni, lakini ni vigumu kwake kufungua akaunti ya benki kwa jina la kampuni hiyo. Ndiyo maana karibu kila utapeli wa aina hii hufika mahali mteja anapoombwa kulipa kwa jina jingine. Sababu hutofautiana: ukaguzi wa hesabu, matatizo ya kodi, wakala wa wateja wa nje, au akaunti ya mkurugenzi. Lakini ombi ni moja, nalo ni kwamba fedha ziende kwa mtu asiyeandikwa kwenye profoma.

Kwa msambazaji wa Kenya ipo hatua moja rahisi ya kulinganisha majina. Profoma au ankara ya kampuni huwa na namba ya mlipakodi, PIN. Namba hiyo huanza kwa herufi, hufuatiwa na tarakimu tisa na kuishia kwa herufi. Ikianza na P ni ya kampuni au taasisi, na ikianza na A ni ya mtu binafsi. Kwenye tovuti ya Mamlaka ya Mapato ya Kenya, itax.kra.go.ke, kuna sehemu iitwayo "PIN Checker". Mtu huandika namba, hujibu hesabu ndogo ya kujumlisha au kutoa, na mfumo humwonyesha mwenye namba hiyo.

Profoma ya uongo aliyotumiwa mfanyabiashara huyo ilikuwa na PIN inayoanza na A, ingawa juu yake iliandikwa jina la kampuni. Hata hivyo, mtapeli mwangalifu zaidi angeweza kuichukua PIN halisi kutoka ankara ya zamani. Kwa hiyo haitoshi PIN kuwa ya kweli. Majina matatu yanapaswa kuwa moja: jina lililo kwenye profoma, jina linaloonyeshwa na PIN, na jina la akaunti itakayopokea fedha. Likitofautiana moja, malipo yasubiri.

Kwa oda kubwa zaidi, au kwa msambazaji mpya, inawezekana kuomba kwa ada taarifa ya usajili iitwayo CR12 kupitia mfumo wa eCitizen wa Kenya. Hati hiyo hutaja wakurugenzi na wanahisa wa kampuni.

Kwa nini benki haikugundua

Mfanyabiashara huyo alishangaa kuona benki imepokea fomu yake bila swali. Lakini kazi ya benki inayotuma ni kupeleka fedha kwenye akaunti iliyoandikwa na mteja. Benki ya Arusha haina daftari la akaunti za Nairobi, na haiwezi kujua kama msambazaji wa mteja wake amebadilisha akaunti au la. Profoma iliyoambatanishwa huonyesha sababu ya malipo, si uhalali wa muuzaji.

Ugumu zaidi ni kwamba malipo makubwa kati ya benki, yakishakamilika na kuingia kwenye akaunti ya mpokeaji, huhesabiwa kuwa ya mwisho. Benki inaweza kuomba yarudishwe, lakini benki ya upande wa pili haiwezi kuyachukua kwa mteja wake bila ridhaa yake au amri ya mamlaka husika. Mtapeli naye huwa anasubiri, na hutoa fedha mara tu zinapoingia. Kwa sababu hiyo, saa chache ambazo malipo yalikaa kwenye foleni Arusha ndizo zilizotofautisha hasara ya shilingi 10,000 na hasara ya 255,000.

Ghala na gari havinakiliwi

Jambo la mwisho ambalo tovuti ya bandia haina ni mzigo wenyewe. Hapo ndipo msafirishaji anapokuwa na nafasi ambayo wengi hawaitumii. Dereva au wakala wake anajua lango la ghala lilipo, anawajua watunza ghala kwa majina, na namba zake za simu hakuzipata kwenye tovuti. Swali lake la kawaida, "nipakie lini?", linaweza kujibiwa tu na mtu mwenye oda kwenye kitabu chake.

Kwa wasafirishaji, swali hilo liulizwe kabla mteja hajalipa. Kama mzee wa Fuso angesubiri hadi siku ya kupakia, jibu lingekuwa lile lile lakini fedha zingekuwa zimekwenda. Liulizwe pia kwa namba ya zamani au kwa kufika mlangoni. Kupiga namba iliyo kwenye tovuti inayotiliwa shaka ni sawa na kumuuliza mwizi kama yeye ni mwizi.

Hati za forodha nazo zingeweza kutoa onyo mapema. Cheti cha uasili hutolewa kwa mzigo halisi wenye ankara halisi. Kwa bidhaa zilizo kwenye orodha iliyokubaliwa, zenye thamani isiyozidi dola 2,000 za Marekani, kipo cheti kilichorahisishwa kinachopatikana kwa maafisa wa forodha mpakani. Kwa mizigo mikubwa ya kutoka Kenya, cheti hutolewa na Mamlaka ya Mapato ya Kenya. Kwa vyovyote vile, hakuna sababu ya cheti kutumwa jioni ya siku ya oda, wakati chupa hazijahesabiwa na gari halijajulikana. Cheti kinapofika haraka kuliko mzigo, wakala wa forodha aonyeshwe kabla ya malipo.

Hesabu ya ofa

Ofa ya asilimia 15 ndiyo iliyomfanya mfanyabiashara huyo akubali kulipa fedha yote mapema, wakati zamani alikuwa akilipa asilimia 30 kwanza na salio gari likiwa linapakia. Hesabu yake inafaa kutazamwa kwa utulivu.

Ofa ikiwa ya kweli, mnunuzi anaokoa shilingi 45,000. Ikiwa ya uongo, anapoteza 255,000. Tuchukue ofa 20 za namna hiyo. Kama 17 ni za kweli, jumla ya kilichookolewa ni shilingi 765,000. Kama tatu zilizobaki ni za uongo, jumla ya kilichopotea ni shilingi 765,000 vile vile. Yaani ofa tatu mbaya kati ya 20 zinatosha kumaliza faida yote ya zile nzuri, na mtu mwenye mtaji wa mzigo mmoja hafiki hata ofa ya pili akianza na ile mbaya.

Kwa utaratibu wa zamani, malipo ya mwanzo ya asilimia 30 ya shilingi 300,000 ni 90,000. Hicho ndicho kiasi cha juu ambacho angeweza kukipoteza, kwa kuwa salio lisingetoka bila gari kuwepo ghalani. Msambazaji wa kweli anayemjua mteja wake hawezi kukasirika akiombwa utaratibu uliozoeleka. Anayelazimisha fedha yote, leo hii, kwenye akaunti mpya, ameshajieleza.

Ikiwa fedha zimeshaondoka

Hatua ya kwanza ni benki au kampuni ya simu iliyotumika kutuma, na ni ya dakika hiyo hiyo, si kesho. Mteja aombe malipo yafutwe kama hayajaondoka, au yazuiwe upande wa mpokeaji kama yameondoka, na ombi hilo liwe kwa maandishi yenye saa na namba ya muamala.

Hatua ya pili ni polisi. Utapeli wa mtandaoni ni kosa nchini Tanzania chini ya Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015, na nchini Kenya chini ya sheria ya matumizi mabaya ya kompyuta na makosa ya mtandao ya mwaka 2018. Namba ya taarifa ya polisi huisaidia benki kuendelea na ombi la kuzuia fedha. Mazungumzo ya WhatsApp yasifutwe hata kama yanaumiza kuyasoma. Yapigwe picha pamoja na namba, profoma, na anuani kamili ya tovuti kama inavyoonekana juu ya ukurasa.

Hatua ya tatu ni kumjulisha msambazaji halali. Yeye ndiye mwenye haki ya jina lililoibwa, na malalamiko yake husikilizwa haraka zaidi na kampuni iliyouza anuani hiyo. Barua pepe ya kupokea malalamiko hayo huonekana kwenye lile lile daftari la tarehe, kwenye mstari wa "Abuse". Nchini Kenya taarifa inaweza pia kupelekwa KE-CIRT/CC, kituo cha matukio ya mtandao kilicho chini ya Mamlaka ya Mawasiliano.

Katika tukio la Arusha, msambazaji aliwaandikia wauzaji wa anuani wiki hiyo hiyo na tovuti ya bandia ikafungwa baada ya siku nne. Tangu hapo kampuni hiyo imeandika kwenye kila ankara yake mstari mmoja wenye anuani yake ya tovuti na jina la akaunti yake, ukieleza kuwa haitabadilisha akaunti kwa ujumbe wa simu wala barua pepe. Chupa 15,000 zilivuka Namanga wiki mbili baadaye, kwa shilingi 20 kila moja.